Mtoto Anayeogopa Sindano ya Chanjo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mzazi au mlezi wa mtoto wa miaka minne hadi saba, yule ambaye akisikia tu neno sindano anajificha nyuma ya kochi. Wachanga wana jibu lao fupi karibu na mwisho, na wasichana wanaodungwa chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, wana lao.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mvulana wa miaka mitano, mkazi wa Kayole, Nairobi, ameumwa na mbwa mguuni siku ya Jumatatu. Kidonda kimeoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kama inavyotakiwa, kisha akapelekwa hospitali. Njiani aliambiwa, "Hatuendi kudungwa, tunaenda kufungwa bandeji tu." Alipofika akalazwa chali, mtu akamshika miguu, mwingine mikono, akadungwa kingamwili kwenye kidonda chenyewe na chanjo ya kichaa cha mbwa mkononi. Sasa ana kadi yenye tarehe: siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. (Vituo vingine hutumia ratiba yenye dozi nne badala ya tano. Fuata kadi uliyopewa.) Tumechagua mfano huu kwa sababu una ugumu wote: sindano ni nyingi, zinafuatana karibu, mtoto ameshadanganywa mara moja, na chanjo hii haiahirishwi eti kwa kuwa mtoto analia.

Nimwambie lini kwamba tunarudi kudungwa?

Mtoto wa miaka mitano mwambie jioni ya kuamkia siku hiyo, au asubuhi yake baada ya chai. Ukimwambia Jumatatu habari ya Alhamisi, umempa siku tatu za kuchora sindano kichwani, na kila siku inarefuka. Ukingoja mpaka mko mlangoni mwa kliniki, umemvamia. Wa miaka saba anaweza kupewa siku moja au mbili, kwa sababu anajua kuuliza maswali na kujipanga. Chini ya miaka minne, saa moja au mbili kabla yatosha.

Mwambie mkiwa mmekaa, si ukiwa unamfunga viatu. Na umwambie wewe kabla kaka yake hajamwahi, maana kaka wa miaka tisa akipata nafasi atapanua mikono na kusema sindano ina urefu wa rula.

Akiniuliza "Itauma?", nijibu nini?

Jibu: "Utasikia ukifinywa. Wengine wanasema inauma kidogo, wengine wanasema inasukuma tu. Wewe utaniambia ilikuwaje. Ukihesabu mpaka tano huwa imeisha."

Jibu hilo halisemi haiumi, kwa sababu akidungwa akaumia atajua wewe ni wa kusema uongo, na Jumatatu ijayo hata ukimwambia twende sokoni hatatoka. Halisemi itauma sana pia. Linataja muda, na kwa mtoto muda ndiyo habari kubwa, kwani hofu yake si maumivu peke yake bali ni kutojua yataisha lini. Tena linampa kazi ya kuchunguza na kuleta ripoti, na mtu anayechunguza kitu hawezi wakati huohuo kuzama ndani yake kabisa.

Usimpe mifano inayotisha kuliko kitu chenyewe. "Ni kama kuumwa na siafu" ni mfano mbaya kwa mtoto aliyewahi kukanyaga siafu, na kwa yule aliyeumwa na mbwa juzi, neno kuumwa lenyewe liache kabisa. Sema kufinywa.

Kwa mvulana wetu kuna jambo moja zaidi la kueleza waziwazi. Sindano iliyomtesa Jumatatu ilikuwa ile ya kwenye kidonda: pale ngozi ilikuwa imechanika na dawa inasukumwa kuzunguka jeraha. Hiyo hutolewa mwanzoni tu. Mwambie, "Ile ya mguuni imekwisha, hairudi. Iliyobaki ni ya mkono, na ni moja tu leo." Watoto wengi wanaokataa kurudi siku ya 3 wanakataa ile ya mguuni, na hakuna mtu mzima aliyewaambia kwamba haipo tena. Ila usiahidi idadi kabla ya kuuliza hospitalini.

Namweleza vipi kwa nini adungwe na yeye haumwi?

Kwa ufupi na bila kifo ndani yake. "Mate ya mbwa yanaweza kuwa na vidudu vidogo ambavyo hatuvioni. Dawa hii inaufundisha mwili wako kuvitambua na kuvimaliza. Mwili unahitaji kufundishwa mara kadhaa ndiyo ushike, kama wewe unavyorudia herufi." Hapo umeeleza pia kwa nini tarehe ni nyingi, swali ambalo angekuuliza njiani.

Kama ni chanjo ya kawaida, tuseme ya typhoid au ya kampeni ya surua na rubela, toa mbwa ubakize mengine.

Je, tumwambie "pole"?

Hatusemi msiseme. Tunasema angalieni mnasema wakati gani.

Pole ni neno la mtu aliyekwisha kupatwa na jambo. Mtoto wa Kiswahili analijua hivyo tangu anajifunza kutembea: ameanguka, pole, amejikata, pole. Sasa amekaa kwenye kiti cha kliniki, hakuna kilichomgusa, halafu mama anamshika kichwa akirudia kwa sauti nyembamba, "Pole, pole baba, pole mwanangu." Mtoto anafanya hesabu yake upesi: kama mama ameanza kunipa pole kabla, basi kinachokuja ni kikubwa. Utafiti kuhusu mazungumzo ya wazazi na watoto wakati wa sindano umeonyesha jambo hilohilo: maneno ya kubembeleza, kuomba radhi na "usiogope" yakirudiwarudiwa kabla na wakati wa kudungwa huambatana na vilio zaidi, ilhali mazungumzo ya mambo mengine na maelekezo ya kazi ya kufanya huambatana na utulivu. Na si maneno tu. Sauti inayopanda, mkono unaompapasa harakaharaka, macho yaliyobana, yote mtoto anayasoma.

Kwa hiyo pole iweke akiba. Sindano ikitoka, mpe moja, ya kweli, na kumbatio: "Pole. Imekwisha." Kabla ya hapo sauti yako iwe ileile unayotumia kumwambia avae sweta.

"Usilie" nayo iache. Kulia kunaruhusiwa. Mwambie: "Ukitaka kulia, lia. Kazi yako ni moja tu, mkono usicheze."

Nyumbani tumezoea kumwambia "ukikosa adabu utadungwa sindano". Ina madhara?

Ina madhara, na ndiyo chanzo cha nusu ya kazi tunayoeleza hapa. Mtoto aliyetishwa hivyo anaingia kliniki akiamini ameletwa kuadhibiwa, na atatumia muda wote akijitetea: "Sitarudia, mama, sitarudia!" Ukimsikia akisema maneno hayo, simama umwambie waziwazi: "Hujakosa. Sindano si adhabu. Tulikosea kukuambia hivyo." Kisha wote wa nyumbani waliache, akiwemo dada wa kazi, nyanya na jirani anayependa utani.

Amkalie nani, na ashikweje?

Akae kwenye mapaja ya mtu anayemwamini, wima. Mtoto akilazwa chali huku watu wamemwinamia, hofu hupanda hata kabla ya pamba kumgusa, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo linashauri mtoto abebwe au akae wima kulingana na umri wake.

Kwa sindano ya mkono, fanya hivi. Kaa kwenye kiti kisichozunguka, miguu yako yote miwili ikigusa sakafu. Mkalishe mtoto upande, bega lake moja likiegemea kifua chako. Mkono wake ulio upande wako upitishe chini ya kwapa lako uende nyuma ya mgongo, kama anayekukumbatia, kisha ubane kidogo kwa kwapa. Miguu yake iweke katikati ya mapaja yako uyafunge. Mkono wa kudungwa ndio uliobaki nje. Ushike chini ya kiwiko, ukiulaza juu ya tumbo lake. Mkono wako mwingine unazunguka mgongo wake.

Ukishika hivyo, mtoto anahisi amekumbatiwa, na sista anaona kiungo kimoja tu kisichotembea. Makosa tunayoyaona mara nyingi ni matatu. La kwanza, mzazi anashika kifundo cha mkono badala ya kiwiko. Mtoto anakunja mkono na bega linaruka, sindano inakwaruza. La pili, miguu inaachwa huru, na mtoto anajisukuma kwa kuikanyaga meza. La tatu ni kubana mno: mtoto akihisi amefungwa anakaza misuli yote, na msuli uliokaza huuma zaidi ukidungwa. Mjaribu kwa kumtikisa mkono taratibu: ukining'inia kama kitambaa kilicholowa, uko tayari. Ukiwa kama mti, mpe kwanza pumzi tatu.

Mfanye mazoezi haya nyumbani mara mbili, kwa mchezo, na kalamu iliyofunikwa ikiwa ndiyo sindano. Akishakaa hivyo, umdunge kwa kalamu, kisha yeye amdunge mdoli au akudunge wewe. Siku yenyewe mwili unakuwa umeshazoea mkao.

Kuhusu nani aende: yule asiyeogopa sindano. Kama wewe mwenyewe huwezi kuitazama, kubali, mtume baba yake au nyanya yake. Hakuna aibu hapo, na mtoto atakushukuru.

Nimchezeshe na nini wakati wa kudungwa?

Na kitu kinachotumia pumzi. Kwa umri huu tunapenda mapovu ya sabuni kuliko simu. Ili povu litoke kubwa lazima apulize polepole na kwa muda mrefu, na mtu anayetoa pumzi ndefu mabega yake hushuka na msuli hulegea. Povu likipasuka mapema ni kwamba amepuliza kwa kishindo, mwambie ajaribu "kama unapoza uji".

Kutengeneza ni rahisi: nusu kikombe cha maji, kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai cha sukari ili mapovu yasipasuke upesi. Koroga bila kutoa povu, acha likae usiku kucha, tia kwenye chupa ndogo yenye kifuniko. Kwa kupulizia tumia mrija uliokatwa ncha na kufunuliwa kama ua. Mkumbushe ni wa kupuliza, si wa kuvuta. Kama chumba cha kliniki hakifai kwa sabuni, apulize kidole chako kana kwamba ni mshumaa, na kidole kiiname polepole anapopuliza.

Simu inafaa pia, lakini kwa masharti. Video iwe imeshapakuliwa, maana mtandao ukikwama katikati umebaki na mtoto na sindano. Iwe mpya au ile anayoipenda kupita zote, na umwachie muda huo tu. Mshikie simu usawa wa macho, upande wa pili na mkono unaodungwa, na uulize maswali kuhusu anachokiona: "Huyo paka ameenda wapi?" Video inayochezwa bila mtu kumshirikisha mtoto ni mwanga tu ukutani.

Kosa kubwa la kumchezesha ni kuanza umechelewa. Ukingoja mpaka aone sindano ndipo utoe mapovu, umemfundisha kwamba mapovu ni dalili ya hatari. Anza dakika mbili au tatu kabla ya kuitwa, endelea kupita sindano, malizia pamba ikiwa imeshawekwa.

Wapo watoto wachache wanaotaka kutazama. Usiwalazimishe kugeuka. Mtoto anayeangalia kwa hiari anadhibiti anachokijua, na kumgeuza kichwa kwa nguvu kunamwondolea hilo.

Siku yenyewe inakuwaje, hatua kwa hatua?

Turudi kwa mvulana wetu, Alhamisi, siku ya 3.

Jumatano jioni, baada ya chakula, mama anamwambia: kesho tunarudi, ni sindano moja, ya mkono, ile ya mguuni haipo. Halafu anaongeza sentensi ngumu: "Jumatatu nilikuambia hutadungwa. Nilikosea. Kuanzia leo nitakuambia ukweli." Anamwonyesha mkao, wanacheza na kalamu. Mtoto analia kidogo. Anaachwa alie.

Asubuhi anakula. Tumbo tupu humfanya mtoto awe mwepesi wa hasira na wa kuzimia. Anavaa fulana yenye mikono mipana, si shati la vifungo linalohitaji kuvuliwa. Wanatoka mapema ili wasiwe nyuma ya foleni ndefu, kwa sababu kinachoharibu matayarisho mara nyingi si sindano bali ni saa mbili za kukaa kwenye benchi ukisikiliza wenzako wakilia ndani. Wakikuta foleni, mama anaacha kadi mezani, anaomba waitwe, wanasubiri kwenye ukumbi wa nje panapoonekana mlango lakini hapasikiki vilio.

Ndani, mama anapewa nafasi ya kusema kwanza (maneno yake tunayatoa chini). Mtoto anapewa chaguo mbili tu: mkono gani, na kutazama au kupuliza. Haulizwi "uko tayari?" Jibu la swali hilo ni hapana, na ukishauliza umefungwa nalo. Anachagua wa kushoto, na kupuliza.

Mama anakaa, anamshika kama walivyofanya mazoezi, mapovu yanaanza. Sista anatayarisha dawa mgongo ukiwa umegeuka, anapangusa, anasema "sasa" mara moja, anadunga. Hakuna kuhesabu mpaka kumi kabla ya kudunga: kila namba inakaza mkono. Sindano inaingia na kutoka ndani ya sekunde chache. Mtoto anatoa mlio mmoja, povu linapasuka. Mama anasema: "Pole. Imekwisha. Mkono haukucheza, umefanya kazi yako." Kisha wanasubiri kituoni kwa muda walioelekezwa, kwa kawaida dakika kumi na tano, ili aangaliwe kama atapata mzio.

Alilia? Ndiyo, kama dakika moja. Hilo ni matokeo mazuri. Lengo ni arudi Jumatatu akitembea kwa miguu yake.

Nimwambie nini sista bila kumkera?

Sentensi tatu fupi, kwa heshima, kabla hajachukua bomba: "Sista, habari ya kazi. Mtoto huyu aliogopa sana Jumatatu, naomba nimkalishe mapajani nimshike mwenyewe. Tafadhali umdunge upesi bila kumhesabia." Wengi watafurahi, maana mtoto aliyeshikwa vizuri anawaokolea muda.

Ukiweza ongeza kwamba asivute bomba nyuma kutazama damu baada ya kudunga. Kwa chanjo jambo hilo halihitajiki kwa sababu sehemu zinazodungwa hazina mishipa mikubwa, na kuvuta huko kunarefusha maumivu. Ila lisemwe kama ombi, lisigeuke mabishano mbele ya mtoto. Akikataa, liache. Utulivu wa chumba ni muhimu kuliko hoja yako.

Krimu ya ganzi, Panadol, barafu: vinasaidia?

Krimu ya ganzi yenye lidokeini na prilokeini inasaidia ngozi, na haipunguzi nguvu ya chanjo. Huuzwa kwenye maduka ya dawa na ina bei. Hupakwa nene mahali patakapodungwa, pafunikwe kwa plasta ya plastiki, ikae dakika sitini, ifutwe kabla ya kudungwa. Muulize mfamasia kiasi kulingana na umri na uzito, na usiipake kwenye ngozi iliyochubuka. Watu hukosea saa: wanapaka wakiwa mlangoni, dakika kumi baadaye mtoto anadungwa, wanasema krimu ni bandia. Wengine hupaka mahali pasipo penyewe. Kwa mtoto huyu ni msuli wa juu ya mkono, chini kidogo ya bega. Ngozi ikipauka kidogo ni kawaida. Mwambie mtoto ukweli: itazuia mchomo wa juu, ila ataihisi dawa ikisukumwa ndani ya msuli.

Parasetamoli kabla ya chanjo haipunguzi maumivu ya mchomo, na kwa baadhi ya chanjo za watoto wachanga ilionekana kushusha mwitikio wa kinga. Subiri, umpe baadaye akipata homa au mkono ukimsumbua, kwa kipimo cha kwenye chupa. Barafu hatuipendekezi kwa umri huu, maana baridi yenyewe huwasumbua wengi.

Akikataa kabisa, je?

Kama ni chanjo inayoweza kungoja, tokeni nje, mrudi siku nyingine baada ya mazoezi. Sindano ya kulazimisha leo inaweza kukugharimu zote za mbele.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haingoji hivyo. Tokeni nje dakika tano, anywe maji, apulize, mwambie: "Tutaingia tena mara moja, na itafanyika. Unataka kukaa mapajani mwangu au tukumbatiane kifua kwa kifua?" Rudini. Akipigana tena, ashikwe na mtu mmoja anayemjua, kwa mkao uleule, sista amalize upesi. Usirudie mzunguko wa kutoka na kuingia mara nne. Kila mara anajifunza kwamba kelele zikizidi sindano inarudi nyuma, na kelele za mara ya tano ni kubwa kuliko zote.

Mtoto anayetapika, anayekosa usingizi siku kadhaa kabla, au anayeogopa hata kupita nje ya hospitali, huyo amepita hatua ya mapovu. Ombeni kliniki iwapeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto.

Nimwahidi zawadi?

Ndiyo, ndogo na ya hakika, na iwe ya kazi aliyoifanya, si ya kutolia. "Mkono ukitulia tutapitia mandazi." Ukisema ukilia hupati, umemwekea mtihani ambao hata mtu mzima angeanguka. Na ukishaahidi mandazi, yanunuliwe siku hiyohiyo hata kama kibanda cha karibu kimefungwa na mnalazimika kuzunguka.

Wachanga wafanyiweje?

Hawa hawahitaji maelezo, wanahitaji titi. Anza kunyonyesha kabla, mtoto akiwa amelishika vizuri, endelea wakati wa sindano na baada yake. Katika ziara za wiki ya 6, 10 na 14, omba matone ya mdomoni yatangulie sindano, kwa kuwa ya rota, yale ya kukinga kuhara, yana utamu unaotuliza. Kati ya sindano za mapajani, ile ya nimonia huuma zaidi, kwa hiyo ifuate mwisho.

Binti yangu wa miaka kumi anadungwa HPV shuleni. Ni tofauti?

Tangu chanjo hiyo ianze kutolewa Kenya mwezi Oktoba 2019, tatizo la umri huo limekuwa si kulia tu bali pia kuzimia, na akizimia mmoja foleni nzima hupata kizunguzungu. Ale asubuhi, adungwe ameketi, abaki ameketi dakika kumi na tano. Kama amewahi kuzimia, alale, na akaze misuli ya mapaja na tumbo sekunde kumi hadi kumi na tano, alegeze bila kulegea kabisa, arudie. Kukaza huko kunazuia shinikizo la damu kushuka. Mkono wa kudungwa tu ndio ubaki umelegea.

Baada ya kudungwa tuzungumze au tunyamaze ili asahau?

Zungumzeni, kwa sababu hatasahau. Mtoto huikumbuka sindano, na asipopewa kumbukumbu nyingine ataipanua mwenyewe mpaka Jumatatu. Jioni ya Alhamisi muulize kwanza: "Ilikuwaje?" Ulimwahidi utataka ripoti. Akisema iliuma sana, usibishe. Sema: "Iliuma. Halafu ukafanya nini?" Mpeleke mpaka kwenye sehemu aliyoiweza: alichagua mkono, alipuliza, mkono haukucheza, povu moja lilifika kwenye dirisha. Hiyo ya povu ndiyo atakayomsimulia kaka yake.

Kisha chukueni kadi, yeye mwenyewe aweke alama ya vema kwenye siku ya 3. Zimebaki tatu. Mwonyeshe Jumatatu iko wapi, ila usimwambie zaidi mpaka Jumapili jioni, na mkono ukimuuma usiku huo asilalie upande wa kushoto.